Aliyelisha Nyumba na Aliyeandikwa Kwenye Hati

 

Muhula huu, katika somo la falsafa ya sheria, tulipewa insha yenye swali fupi: kanuni inamtumikia nani? Tulitakiwa tuchague kanuni moja na kuitazama kwa jicho la wahakiki wa sheria na la wanazuoni wa kifeministi. Baadhi yetu tuliguna. Tulidhani tumepewa jiwe la kuirushia Sharia. Kwa hiyo mimi nilichagua kanuni ninayoipenda kuliko zote katika fiqhi ya ndoa, nikiwa na nia ya kuitetea: kwamba ndoa haichanganyi mali. Cha mke ni cha mke na cha mume ni cha mume. Mke wa Kiislamu alimiliki, aliuza na alishitaki kwa jina lake karne nyingi kabla ya Uingereza kupitisha, mwaka 1882, sheria iliyompa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Nilijua hoja zangu tangu kabla sijashika kalamu.

Kilichoniharibia insha ni karatasi moja niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe hapa mtaani kwetu New Site.

Miezi michache kabla ya hapo, mama mmoja jirani alikuwa ameachwa baada ya ndoa ya miaka kumi na minne. Wazee walikaa kuwasuluhisha yeye na aliyekuwa mume wake, na kwa kuwa mimi ninasoma masomo ya Kiislamu, nikaitwa niwe mwandishi wa kikao. Swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa: hati ya kiwanja ina jina la nani? Ilikuwa na jina la mume. Swali la pili: nani alinunua matofali na mabati? Mume akatoa karatasi za manunuzi. Mama akaulizwa kama ana risiti yoyote. Hana. Basi nikaandika kwamba mke atapewa mahari iliyobaki, nafaka ya eda na cha kumliwaza, na kwamba hana dai katika kiwanja wala nyumba. Akaweka dole gumba. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani, kwa sababu kila mstari niliouandika ulikuwa na kitabu nyuma yake.

Nilipoanza insha nilikwenda kumwomba ruhusa ya kueleza kisa chake bila kumtaja. Tulizungumza Kiswahili, maana sote wawili tuliishi Kenya miaka ya vita. Aliniruhusu, kisha akasema, "Mwanangu, siku ile mliniuliza nani alinunua mabati. Hakuna aliyeniuliza nani alinunua unga."

Sentensi hiyo ndiyo insha yangu. Yanayofuata ni maelezo yake tu.

Fedha inayoliwa na fedha inayobaki

Kila anayeishi Juba anajua namna nyumba nyingi zinavyoendeshwa. Mshahara wa ofisini huweza kuchelewa miezi kadhaa, halafu ukaja wa miezi miwili kwa mpigo. Katikati ya hapo watu wanakula. Wanakula kwa fedha ya nani? Mama huyu alikuwa na jiko la mkaa, birika, viti vya plastiki na sukari. Aliuza chai kuanzia alfajiri. Fedha yake ilikuja kila siku, kidogo kidogo, na kila siku ikaisha: unga, mafuta, mkaa, maji ya tangi, dawa ya mtoto, daftari. Fedha ya mume ilikuja mara chache, kwa mkupuo. Kwa kuwa tumbo lilikuwa limeshashughulikiwa, mkupuo huo ukawa tofali, bati, mlango.

Baada ya miaka kumi na minne, fedha ya mume ilikuwa imesimama pale kiwanjani na kila mtu aliiona. Fedha ya mke ilikuwa imegeuka miili ya watoto na miaka ya mume mwenyewe. Fedha inayoliwa haiachi risiti. Sasa chukua kanuni iliyo safi kabisa, inayosema kila mmoja aondoke na kilicho chake, uitumie hapo. Kwa maneno yake haimpendelei mtu. Lakini inahesabu kilichobaki, na kilichobaki ni cha yule ambaye hakulazimika kununua unga.

Hicho ndicho wahakiki wa sheria wanachojaribu kutuonyesha. Kundi lililojiita wahakiki wa sheria lilianza Marekani kwa mkutano wa mwaka 1977 huko Wisconsin, na dai lao kubwa lilikuwa kwamba kanuni haziamui kesi zenyewe. Kati ya kanuni na hukumu kuna chaguo nyingi ndogo ambazo hazitajwi, na humo ndimo nguvu za kijamii zinapopenyea. Mwaka 1990 mwanasheria Katharine Bartlett aliandika makala kuhusu mbinu za kifeministi katika sheria, akaeleza mbinu moja aliyoiita kuuliza swali la mwanamke. Maana yake si kudai kwamba mwanamke ana haki daima. Ni kuuliza: je, kanuni hii imesahau maisha ambayo kwa kawaida wanawake ndio wanaoyaishi, na kusahau huko kunamgharimu nani?

Kwa hiyo ukitaka kujua kanuni inamtumikia nani, kuyasoma maneno yake pekee hakutoshi. Tazama mambo mawili. Kwanza, inauliza nini na haiulizi nini. Pili, ikikosekana karatasi, inadhania nini, na nani anabebeshwa mzigo wa kuthibitisha kinyume. Katika kikao chetu tuliuliza mabati hatukuuliza unga, na tulidhania kwamba unga ulikuwa zawadi.

Kanuni iliyokatwa nusu

Nilirudi vitabuni nikitafuta jinsi ya kujitetea. Nilichokikuta kilinishangaza, kwa sababu mafakihi hawakuusahau unga. Sisi ndio tuliousahau.

Kanuni ya mali mbalimbali haikuwekwa peke yake. Iliwekwa pamoja na mwenzake: nafaka yote ni juu ya mume. Na pamoja nao palikuwa na suala la tatu, ambalo kwenye mihadhara ya ndoa halisemwi sana: je, kazi za nyumbani ni wajibu wa mke? Mashafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Waswahili, wanasema mkataba wa ndoa haumlazimishi mke kupika wala kufua, na *Minhaj* ya Imam an-Nawawi inamtaka mume amletee mtumishi mke ambaye wanawake wa hali yake hutumikiwa. Mahanafi wanaona ni wajibu wake mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini kadhi hamlazimishi. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona ni wajibu kwa mujibu wa desturi njema. Wamaliki, ambao ndio wengi katika Sudan, wanamtaka mke wa hali ya kawaida afanye kazi za ndani kama kukanda unga na kufagia. Lakini hapo hapo *Mukhtasar* ya Khalil inatoa nje kufuma na kusokota, kwa sababu hiyo ni kazi ya kuchuma na si huduma ya nyumba.

Weka chai mahali pa kufuma. Kwa madhehebu yote hayo, birika la mama yule halikuwa wajibu wake. Alichokichuma kilikuwa mali yake halisi, kama vile mabati yalivyokuwa mali ya mume.

Sasa aliitumia mali hiyo kulisha nyumba ambayo kuilisha ni wajibu wa mtu mwingine. Wamaliki wanalijibu hili waziwazi: mke aliyetumia mali yake kumlisha mume bila israfu anaweza kumdai, hata kama wakati ule mume hakuwa na kitu, isipokuwa ikiwa alikusudia kumpa. Mashafi nao wanasema nafaka ya mke isiyolipwa na mume ni deni juu yake, hata kama hakuna kadhi aliyelihukumu. Mahanafi ni wagumu zaidi, kwao haiwi deni mpaka kuwe na hukumu au makubaliano.

Basi suala la kisheria katika kikao chetu halikuwa lile tuliloliuliza. Lilikuwa hili: alipotoa fedha ya chai miaka kumi na minne, je, alikusudia zawadi au alikopesha? Na kwa kuwa hakuna mwanandoa anayeandikishana na mwenzake kila akinunua kibaba cha unga, jibu linategemea dhana. Sisi tulidhania zawadi bila hata kujua kwamba tunadhania. Kwa nini hatukudhania zawadi kwa mume pia? Kwa nini hatukusema kwamba alipojenga nyumba akawaingiza mkewe na watoto alikusudia kuwapa? Kwake tulisema mali haihami bila ushahidi wa kutoa. Kwa mke tulisema imehama kwa sababu hana ushahidi wa kutotoa. Kanuni moja, mizani mbili.

Ndipo nilipoona kosa lenyewe. Fiqhi ilitupa kanuni nzima: mali mbalimbali, nafaka juu ya mume, na kazi ya kuchuma ya mke kuwa yake. Desturi yetu imeikata. Tumeacha nafaka ianguke juu ya mke pale mshahara unapochelewa, tumemzidishia kazi ya ndani na ya nje, kisha siku ya talaka tunaitoa ile nusu iliyobaki, mali mbalimbali, na kuiita Sharia. Nusu ya kanuni ya haki huweza kuwa kanuni ya dhulma kamili.

Kesi ya Bi Hawa

Hatuko wa kwanza kufikia njia panda hii. Kesi inayotajwa zaidi katika Afrika Mashariki ni ya Waislamu, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inakubali kanuni yetu kwa sehemu. Ndoa haibadilishi umiliki, na mali iliyoandikwa jina la mmoja inadhaniwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vingine. Lakini kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama, ndoa inapovunjika, kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa jitihada zao za pamoja. Mahakama inatakiwa kutazama desturi za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo, inatakiwa kuelemea usawa.

Ugomvi ulikuwa juu ya neno jitihada. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema kupika na kulea ni majukumu ya kawaida ya mke, hayahesabiki kuwa mchango wa kupata mali. Wapo waliosema yanahesabika. Bi Hawa alikuwa mke wa nyumbani, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha ya mume. Kwa mtazamo mwembamba hakuwa na kitu. Mahakama ya Rufani ikachagua mtazamo mpana: kazi za nyumbani ni mchango. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ile ilitungwa kuondoa ubaya fulani, nao ni kunyonywa na kukandamizwa kwa wanawake waliolewa, na kwamba maneno ya kifungu yasomwe kwa namna inayoutibu ubaya huo. Kwa lugha yetu, mahakama iliuliza ila na maslahi ya kanuni kabla ya kuuliza neno.

Kwa wengi kesi inaishia hapo, na wanaishangilia. Lakini endelea kusoma. Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila mgawo. Mahakama ilisema mume alikuwa amempa fedha kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazitapanya, kwa hiyo fungu lake ni kama alikwisha kulitumia. Alishinda kanuni, akakosa mali.

Mimi sisemi mahakama ilikosea; aliyetapanya amana anaweza kuulizwa. Ninachosema ni kwamba swali letu haliishi pale kanuni nzuri inapotangazwa. Mke aliulizwa alizifanyia nini fedha alizopewa. Je, ni mara ngapi katika mabaraza yetu mume naye huulizwa alizifanyia nini fedha ambazo hazikuwa matofali? Ukifungua daftari la upande mmoja tu, hata kanuni pana hurudi kuwa nyembamba. Kuthamini kazi ya mke kwa maneno ni hatua ya kwanza. Kumweka kwenye hesabu kwa mizani ileile ni hatua nyingine, na baina ya hizo mbili ndipo wengi wanapopotelea.

Je, hii si fikra ya kuazima?

Ndugu mmoja tunayesoma naye aliniambia, "Sheikh, unataka kumhukumu Mwenyezi Mungu kwa mizani ya watu wa Wisconsin." Ni pingamizi la kweli na halistahili kupuuzwa. Muumini hawezi kusema wahyi ni maslahi ya wenye nguvu yaliyovikwa vazi la dini. Wahakiki wengine wanafika huko, na hapo mimi nashuka njiani.

Lakini swali lenyewe halikuzaliwa Marekani. Sura ya 58 ya Qur'ani inafunguliwa na mwanamke anayelalamika juu ya kanuni. Khawla bint Tha'laba alitamkiwa na mumewe, Aws ibn as-Samit, kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Hiyo ndiyo dhihari, na kwa desturi ya Waarabu wa wakati ule ilikuwa inamtenga mke. Angalia inavyofanya kazi: mume anajivua wajibu kwa tamko moja, na mke anabaki na watoto na uzee wake bila mume wa kweli. Khawla alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), akajadiliana, akarudia. Hakuambiwa nyamaza, desturi ndiyo hiyo. Ziliteremka aya zinazosema kwanza kwamba Allah ameyasikia maneno yake. Kisha zikaigeuza kanuni: tamko lile ni neno baya na la uongo, wake si mama zao, na mume anayetaka kumrudia mkewe aache huru mtumwa, asipopata afunge miezi miwili mfululizo, na asipoweza alishe maskini sitini. Gharama iliyokuwa juu ya mke ikahamishiwa kwa aliyetamka.

Kwa hiyo ninatofautisha, kama walimu wetu walivyotufundisha, baina ya Sharia na fiqhi, na ninaongeza daraja la tatu: kikao. Sharia ni ya Allah. Fiqhi ni ufahamu wa watu wema waliojitahidi. Kikao ni sisi, na wahakiki wanatufaa zaidi huko chini, mahali ambapo mtu anayesoma mwaka wa pili anaandika mistari mitatu na mama anaweka dole gumba.

Na mafakihi wenyewe wamewahi kukifanya wanachotaka wahakiki. Katika karne ya 16 fakihi wa Kimaliki Ibn Ardun, katika milima ya kaskazini ya Moroko, aliulizwa juu ya wanawake wa vijijini wanaolima, kuvuna na kubeba pamoja na waume zao. Akatoa fatwa kwamba wana fungu katika mavuno kwa sababu ya jasho lao. Hakuivunja kanuni ya mali mbalimbali. Aliitumia sawasawa: kama cha mke ni cha mke, basi na jasho lake ni lake. Sheria ya familia ya Moroko ya 2004, katika kifungu cha 49, inafuata njia hiyo. Mali za wanandoa zinabaki mbalimbali, wanaweza kuandikiana makubaliano juu ya watakachochuma, na wasipoandikiana, hutazamwa kazi ya kila mmoja na juhudi alizofanya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu. Ndoa ni mapenzi na huruma, si kampuni. Mkianza kuhesabu vibaba vya unga, mmeiua. Ninakubali kwamba nyumba inayopigiana hesabu kila jioni ni nyumba iliyokufa. Lakini tuone nani anaambiwa maneno haya, na lini. Kikao cha talaka kimeshaanza kuhesabu; karatasi za mabati ziko mezani. Huruma inayoitwa ili kuzima hesabu ya upande mmoja, baada ya hesabu ya upande wa pili kukamilika, si huruma. Aya ya 237 ya Sura ya 2, inayowakumbusha wanaoachana wasisahau fadhila baina yao, imekuja pamoja na hesabu ya nusu ya mahari. Qur'ani haikuona kwamba fadhila na hesabu ni maadui.

Mwanamke yupi?

Isije ikadhaniwa kwamba swali hili linaumiza wanaume peke yao. Nilipomwonyesha dada mmoja wa jumuiya yetu rasimu ya insha, akaniuliza, "Yule mama alipokuwa kwenye chai tangu alfajiri, nani alikuwa anabaki na watoto?" Nikaenda kuuliza. Alikuwapo binti wa ukoo, aliyeletwa kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na mbili au zaidi kidogo. Alipika, alibeba maji, alilea. Hakulipwa. Hakusoma. Aliondoka alipoolewa.

Mahakama ikisema kazi za nyumbani ni mchango wa mke, mara nyingine inamwandikia mke jasho la binti wa namna hii. Haki za mama yule dhidi ya mume wake haziondoki kwa sababu hiyo. Chai aliiuza mwenyewe. Lakini nililazimika kukubali kwamba kauli "maslahi ya wanawake" ni mfuko unaoweza kuficha wanawake wengine ndani yake. Swali la nani anatumikiwa haliishi ukilijibu mara moja. Kila jibu linaacha mtu nje, na lazima ugeuke umtafute.

Tena kuna mpaka mwingine. Kanuni kumnufaisha mtu si ushahidi kwamba ni dhulma. Mahari inamnufaisha mke, nafaka inamnufaisha mke, na hakuna anayelalamika. Swali la maslahi linatuambia mahali pa kuchimba, halituambii tutakachokikuta.

Ningeandika nini leo

Hapa kwetu mambo mengi ya ndoa huamuliwa na wazee na mahakama za kimila zinazotambuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009. Kifungu cha 16 cha Katiba ya Mpito ya 2011 kinampa mwanamke haki ya kumiliki mali. Lakini haki hiyo, kama kanuni yetu, inasubiri iulizwe maswali sahihi. Na baadhi ya wasomaji wa jarida hili ndio watakaoitwa kesho kuandika.

Leo ningeanza kwa kuuliza nani alilisha nyumba, mwaka kwa mwaka, na mshahara ulikatika miezi gani. Majirani na wenye maduka wanajua. Ushahidi wa mashahidi ni ushahidi katika fiqhi, si karatasi peke yake. Kisha ningemuuliza mume: fedha ile uliichukua kama zawadi? Nani alikwambia ni zawadi? Ningemuuliza mke vilevile, na kama angesema alikusudia kumpa mume wake, ningeandika hivyo, na madai yangeishia hapo. Kama kila mmoja angesema lake, ningewaeleza wazee waziwazi kwamba madhehebu yana kauli juu ya deni hili, na kwamba kunyamaza kwetu nako ni kuchagua kauli. Baada ya hapo wangeweza kusuluhisha kwa kiwango wanachokiona. Pengine mama angepata chumba kimoja, pengine mabati kadhaa, pengine fedha. Sijui. Ninachojua ni kwamba nisingeandika "hana dai."

Na kwa sisi tunaotarajia kuoa na kuolewa, njia nyepesi ipo kabla ya ugomvi. Aya ya 282 ya Sura ya 2 inatuamrisha tuandike madeni, madogo na makubwa. Ukurasa mmoja wa makubaliano siku ya kununua kiwanja, wenye majina mawili na mashahidi, hauharamishwi na dhehebu lolote ninalolijua.

Nilimrudia mama yule na kumwambia kwamba niliandika jambo bila kuuliza. Nilimwambia pia kwamba sulhu iliyojengwa juu ya kutojulishwa haki inaweza kuombwa itazamwe upya, na kwamba niko tayari kusimama mbele ya wazee kusema hivyo. Alikuwa anapanga vikombe. Akasema atafikiria, kisha akaniwekea chai, na nilipotoa fedha akaipokea akaihesabu.

Wallahu a'lam.